Moshi wa Jikoni na Nimonia ya Watoto: Tuupimeje Nyumbani?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Idodi, Iringa)



Leo tunazungumza juu ya moshi wa jikoni na ugonjwa wa nimonia kwa watoto wadogo, ule ambao wengi wetu tunauita kichomi. Hatukuja kuwaambieni kwamba moshi ni mbaya. Macho yenu yanalijua hilo kila jioni. Tumekuja na swali jingine, tena gumu kidogo: katika nyumba fulani, mtoto fulani anavuta moshi kiasi gani kwa siku, na sisi tutajuaje? Kwa maana bila kujua hilo, tutasema tu "punguzeni moshi", mtaitikia "ndiyo", kisha kila mtu atarudi kwenye mafiga yake.

Tuanze na jambo ambalo tumelisikia katika nyumba nyingi. Mtoto akikohoa, bibi husema, "Huyu kashikwa na baridi, msogezeni motoni." Mlango unafungwa, tundu la ukutani linazibwa kwa gunia, mtoto analazwa karibu na mafiga. Bibi anafanya hivyo kwa upendo. Na kweli mtoto mchanga asiachwe apigwe na baridi. Lakini nimonia haizaliwi na baridi. Nimonia huletwa na vijidudu vinavyoingia katika mapafu. Miezi ya baridi na ya mvua tunaiona zaidi kwa sababu watu wanajifungia ndani pamoja, wanakoholeana, na moto nao umehamia ndani. Kwa hiyo yule bibi, akitaka kumwokoa mjukuu na kichomi, anamweka mahali ambapo kichomi kinapata njia rahisi.

Njia hiyo ni hii. Ndani ya koo na mirija ya pumzi kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo havionekani kwa macho. Kazi yake ni kufagia makohozi na uchafu kuupeleka juu, utoke. Ndani zaidi ya mapafu kuna chembe za damu zinazokula vijidudu, ni askari wa zamu. Moshi wa kuni una vumbi laini mno. Ukichukua unywele mmoja wa kichwani, upana wake waweza kupanga punje 30 za vumbi hilo zikiwa zimeshikana. Punje hizo zinashuka hadi chini kabisa ya mapafu. Vinyweleo vinachoka kufagia, askari wanashughulika na masizi, na kijidudu kinapita. Mtoto mdogo ana mirija myembamba, na anapumua haraka kuliko mtu mzima. Hivyo akikaa na mama yake katika moshi ule ule, yeye anaumia zaidi.

Basi, sasa turudi kwenye kupima.

Watu wengi wakitaka kupima moshi huuliza, "Mama, unapikia nini?" Hapa Idodi jibu twalijua kabla ya kuuliza: kuni. Labda mkaa kidogo, na siku hizi nyumba chache zina mtungi wa gesi, nao mara nyingi umeisha. Swali ambalo karibu kila mtu analijibu vile vile halitenganishi nyumba na nyumba. Ni sawa na kuuliza katika shamba la mpunga nani amelowa miguu.

Jambo hili liliwahi kuonekana hapa hapa Tanzania, katika wilaya ya Bagamoyo. Daktari Mtango na wenzake walichunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka 5, wakatoa taarifa yao mwaka 1992. Walikwenda katika nyumba zilizofiwa, vifo zaidi ya 400, wakauliza mtoto aliumwaje na aliishije. Kisha wakaenda katika nyumba nyingine wakauliza maswali yale yale juu ya watoto walio hai, zaidi ya 1,000. Ndivyo wanavyofanya wachunguzi: wanaweka upande mmoja wale waliopatwa na upande wa pili wale waliopona, halafu wanatazama ni jambo gani limezidi upande mmoja. Karibu nyumba zote za pande zote mbili zilipikia kuni, kwa hiyo kuni peke yake hazikuonyesha kitu. Lakini waliuliza pia, "Mtoto alikuwa akilala wapi?" Hapo ndipo tofauti ilipojitokeza. Mtoto aliyelala katika chumba kinachopikiwa alikuwa na uwezekano wa kufa karibu mara 3 kuliko mwenzake aliyelala kwingine. Kwa vifo vya nimonia peke yake, ulikuwa zaidi ya mara 4.

Ndugu zetu, tazameni jinsi swali moja dogo linavyofanya kazi. Kuni ni zile zile na sufuria ni ile ile, mkeka ndio umehama.

Lakini tusikimbilie. Mchunguzi mwaminifu hujibishana na matokeo yake mwenyewe. Katika hesabu hiyo ya Bagamoyo, watoto waliolala jikoni walizidi pia kufa kwa magonjwa mengine, zaidi ya mara 2. Moshi unaweza kumdhoofisha mtoto kwa njia nyingi, sawa. Lakini pia nyumba yenye chumba kimoja mara nyingi ni nyumba ya mtu asiye na kitu. Pengine chakula ni haba, pengine watu wanane wanalala pamoja, pengine zahanati ni mbali na nauli hakuna. Wachunguzi walijitahidi kuyaondoa katika hesabu mambo kama elimu ya mama na maji ya kunywa, hata hivyo umaskini una mikono mingi, haukamatwi wote. Kwa sababu hiyo sisi tukiingia katika nyumba kuuliza habari za moshi, tunauliza na mengine: mtoto amepata chanjo zote? Ananyonya? Uzito wake kwenye kadi unapanda? Ndani mnalala wangapi? Kuna anayevuta sigara? Ukiacha hayo, utaubebesha moshi mzigo usio wake.

Sasa tuwasimulieni nyumba moja, ili jambo hili lishikike. Hatutaji jina wala kitongoji. Mwenye nyumba ametupa ruhusa kusimulia.

Mtoto ni wa kike, ana miezi 9. Alikuwa amelazwa kwa nimonia mara 2. Nyumba ni ya matofali mabichi na bati, chumba kimoja kikubwa kimegawanywa kwa pazia. Upande mmoja kitanda, upande wa pili mafiga matatu, na juu ya mafiga kuna dari la mahindi. Mara ya kwanza sisi tulifanya kosa. Tulituma ujumbe siku moja kabla. Tulipofika tulikuta uwanja umefagiwa, moto uko nje chini ya mti, mama amevaa kitenge kipya, mtoto amebebwa na dada yake. Tuliuliza, tukajibiwa vizuri, tukaandika, tukaondoka tukiwa hatujui kitu. Tulikuwa tumepima jinsi mgeni anavyopokelewa.

Safari ya pili tulimwomba mama tu ruhusa ya kuja siku yoyote wiki ile, tusitaje siku. Akacheka, akasema, "Mtanikuta mchafu." Tukamjibu kwamba ndiyo tunayotaka. Tukafika alfajiri, saa 12, kabla moto haujawashwa. Tukakaa. Hatukuuliza sana. Tulikuwa na daftari na saa ya simu, tukaandika mambo mawili tu: moto unawaka kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na mtoto yuko wapi muda huo.

Asubuhi moto uliwashwa saa 12:30 kwa ajili ya uji na maji ya kuoga. Ulizimwa saa 2:00. Saa moja na nusu. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama muda wote, na mama alikuwa ameinama akipuliza. Mchana maharage yalipikwa kuanzia saa 5:00 hadi saa 8:00, saa 3 nzima. Lakini siku ile hakukuwa na mvua, yalipikiwa nje, na mtoto alikuwa na bibi yake kivulini. Jioni ugali na mboga, ndani, saa 11:00 hadi saa 1:30 usiku. Saa mbili na nusu. Mtoto yu mapajani mwa mama au amekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwenye mafiga.

Jumlisheni. Asubuhi saa 1 na nusu, jioni saa 2 na nusu, jumla saa 4 za moto pamoja na mtoto. Zile saa 3 za maharage hatukuzihesabu, maana mtoto hakuwapo. Hapo mnaona kwamba moto uliowaka muda mrefu kuliko yote haukuwa ndio mbaya kwa mtoto. Lau tungemwuliza mama, "Unapika saa ngapi kwa siku?", angesema saa 7, na hesabu yetu ingekuwa ya uongo.

Kisha tukauliza habari za masika. Mama akasema kuanzia Desemba mpaka Aprili maharage nayo yanapikwa ndani, bibi yuko shambani kwenye mpunga, na mtoto habanduki mgongoni. Basi saa 4 zinakuwa 7. Tena kuni zimelowa. Kuni mbichi au iliyolowa haiwaki, inafuka. Saa moja ya kuni mbichi si sawa na saa moja ya kuni kavu. Anayepima kiangazi peke yake amepima nusu ya mwaka iliyo nzuri, na mtoto huyu mara zote mbili alilazwa wakati wa mvua.

Bado usiku. Hili hatukuliona, tuliambiwa na bibi, tena kwa bahati, tulipokuwa tunaaga. Mwezi wa 6 na wa 7 kunapokuwa na baridi, yeye huacha gogo moja likifuka mpaka karibu na alfajiri, "nyumba isipoe". Mtoto analala upande wa pili wa pazia. Pazia halizuii moshi. Kwa hiyo katika miezi ile mtoto anaongeza saa nyingine 8 au 9 za moshi mwembamba, wala hakuna anayeuita huo kupika. Wenzetu wa juu, Kilolo, Mufindi na Makete, ambako baridi ni kali kweli, swali hili la usiku ndilo liwe la kwanza. Na mahali mama anapopika pombe ya kuuza, komoni kwa mfano, moto huwaka kutwa nzima siku za kupika. Siku hizo nazo ziulizwe, kwa sababu mgeni akija siku ya kawaida hataziona.

Kuna jambo jingine ambalo saa peke yake haiwezi kulisema. Si kila dakika ya moto ni sawa. Mwisho wa miaka ya 1990, wachunguzi Ezzati na Kammen walipima moshi katika nyumba 55 huko Laikipia, Kenya, wakaandika pia nani yuko wapi ndani ya nyumba. Waliona kwamba moshi unapanda ghafla wakati wa kuwasha, kuongeza kuni na kukoroga moto, kisha unashuka. Na anayekuwa ameinama juu ya mafiga dakika hizo hizo ni mama. Ukichukua moshi wa siku nzima ukaugawa sawasawa, unamfanya mama aonekane amevuta kidogo kuliko ukweli. Mwenye mtoto mgongoni, mtoto naye yumo. Kwa hiyo katika daftari letu tukaweka alama ya nyota kila moto ulipowashwa au kupulizwa, na tukaandika mtoto yuko wapi. Katika nyumba ile asubuhi peke yake tulipata nyota 6, zote mtoto akiwa mgongoni.

Macho na pua navyo vina mipaka. Mmoja wetu alitaka tupime kwa machozi: ukiingia ukalia, moshi mwingi, usipolia, hakuna. Tukamkatalia. Mtu aliyezoea moshi halii, na lile vumbi laini halionekani baada ya moshi mweupe kutoweka. Masizi kwenye bati nayo yanatuambia habari za miaka iliyopita, si za mtoto huyu wa miezi 9. Ni ishara ya kutazama, lakini haitoshi. Hatari zaidi ni mkaa. Jiko la mkaa likishika, moshi hauonekani, mtu anaona nyumba ni safi. Kumbe linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Katika chumba kilichofungwa hewa hiyo inaua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani hata usiku mmoja wa baridi. Wachunguzi wenye vyombo huweka kijipampu chenye karatasi ya kunasa vumbi, na kijimashine cha kupima hewa ya sumu kinachovaliwa na mtoto kwenye nguo. Sisi hatuna. Daftari letu linapima muda na mahali, basi. Hatudai zaidi ya hapo.

Tulipomaliza tukakaa na mama, bibi na baba wa mtoto, tukawasomea hesabu. Hatukumlaumu mama. Baba alikuwa wa kwanza kusema, "Kwa nini unambeba wakati wa kupuliza moto?" Mama akamjibu pale pale, "Nikimwacha chini ataingia motoni. Utamshika wewe?" Jibu hilo ni la kweli. Mtoto wa miezi 9 anatambaa, na kuungua si jambo dogo. Basi tukatafuta ni saa zipi zinaondoka kwa gharama ndogo.

Kubwa lilikuwa gogo la usiku. Bibi alikubali, baada ya maneno, kwamba moto uzimwe wakati wa kulala na mtoto aongezewe blanketi, alale akiwa amekumbatiwa na mama. La pili, zile nyota 6 za asubuhi: baba au dada mkubwa akae na mtoto nje kwa dakika 20 za kuwasha tu, moto ukishika vizuri ndipo arudi kwa mama. La tatu, kuni za masika. Zikatwe mapema, zipasuliwe nyembamba, zipangwe chini ya bati mahali pasipolowa. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva mapema, na saa 3 zitapungua. La nne lilikuwa kujenga kibanda cha jiko nje, chenye paa, kilicho wazi pande mbili. Baba alisema atakijenga baada ya kuvuna mpunga. Tunasubiri.

Hapo mtauliza, je, majiko banifu? Tungependa kusema ndiyo kwa mkono mmoja, lakini lazima tuwaambieni lililotokea kwa jirani. Malawi, katika wilaya za Chikwawa na Karonga, wachunguzi waligawa majiko bora ya kuni yenye feni ndogo. Karonga mnaijua, ni ng'ambo tu ya Kyela. Walifuatilia watoto zaidi ya 10,000, nusu ya vijiji vikiwa na majiko hayo na nusu vikiendelea na mafiga. Taarifa ilitoka mwaka 2017. Nimonia haikupungua. Waliougua upande huu walikuwa karibu sawa na wa upande ule. Guatemala, Amerika ya Kati, walijenga majiko ya matofali yenye bomba la moshi, taarifa yake ikatoka mwaka 2011. Kule nimonia kali ilipungua kwa kiasi cha theluthi moja, ingawa ukihesabu nimonia ya kila aina tofauti haikuwa dhahiri. Na mwaka 2024 ilitoka taarifa ya majiko ya gesi yaliyogawiwa bure katika nchi nne, moja ikiwa Rwanda. Moshi ulipungua sana, lakini nimonia kali kwa watoto wa chini ya mwaka 1 haikupungua.

Kwa nini? Sababu moja inatoka kule Laikipia. Waliona kwamba moshi ukiongezeka kutoka kidogo kwenda wastani, ugonjwa wa kifua unaongezeka haraka. Lakini ukiwa tayari mwingi sana, kuongeza tena hakubadilishi sana. Geuzeni maneno hayo. Nyumba yenye moshi mzito ikipunguza nusu, bado imebaki katika moshi mzito, na mtoto haoni faida kubwa. Tena jiko la mama mmoja halizuii moshi wa jirani, wa takataka zinazochomwa, wa mashamba yanayochomwa. Na majiko ya feni yanaharibika. Hata hivyo hayo hayaelezi kila kitu, maana kwenye gesi moshi ulipungua kweli. Nimonia ina milango mingi, na moshi ni mmojawapo. Kwa hiyo mfanyabiashara akija na jiko akisema ni dawa ya kichomi, mnunulieni kama linawapunguzia kuni, macho mekundu na kikohozi cha mama. Msimnunulie kama dawa.

Na ndiyo maana katika kila nyumba tunayopima moshi, tunafanya kazi moja zaidi kabla ya kuondoka. Tunamfundisha mama kuhesabu pumzi. Mtoto akikohoa, msubirini atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunueni nguo, tazameni tumbo na kifua. Kila kinapopanda hesabu moja, kwa dakika nzima ya saa ya simu, si nusu dakika. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za namna hiyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Mtoto wa chini ya miezi 2 hangojwi hata kidogo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea hazinduki, hiyo ni hatari, akimbizwe sasa hivi. Yule mama wa miezi 9 alihesabu mbele yetu, akapata 34. Akahesabu tena, 36. Tukamwambia hapo ni salama, aiandike nyuma ya kadi ili ajue mwanawe akiwa mzima anapumua ngapi.

Chanjo nayo ipo. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania wanachanjwa dhidi ya kijidudu kimoja kikubwa cha nimonia, wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mtoto yule alikosa ya wiki 14 kwa sababu barabara ilikatwa na maji. Tulipomwona alikuwa bado hajarudishwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba anaweza kurudishwa. Aliweza. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kadi, mahali palipo wazi, na mama ni mhitimu wa kisomo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha.

Mzee mmoja alituuliza jana swali ambalo tunaona ni haki tulijibu hapa. Alisema, "Mkiutoa moshi nyumbani mwangu, dumuzi watamaliza mahindi darini. Moshi ndio dawa yangu." Ni kweli. Mahindi yaliyo juu ya mafiga yanakauka, na wadudu hawayapendi. Mzee huyo haongei upuuzi, anaongea chakula cha mwaka. Tukamjibu kwamba hatuna ugomvi na moshi ulio darini. Mahindi na yabaki pale yalipo. Anayehama ni mtoto. Kama chumba ni kimoja, basi anza na kibanda cha kulala badala ya kibanda cha jiko, uache jiko na dari lake. Akanyamaza kidogo, akauliza kibanda hicho kitahitaji bati ngapi. Tulikuwa tumesimama kwenye ukumbi wa nyumba yake, tukapima kwa hatua, ikawa hatua 4 kwa 3, na fundi aliyekuwapo akamwambia bati 8 za futi 10.